Kisigino kilisingiziwa: kisa cha goti moja na hatua iliyozidi urefu

Mkimbiaji huyu alikuja kwangu na maumivu ya sehemu mbili, na yale ya pili alijitafutia mwenyewe akijaribu kutibu yale ya kwanza. Goti la kulia lilikuwa likimuuma kuzunguka pia yake, kile kifupa cha mbele ya goti. Maumivu yalianza kila mara karibu na kilomita ya 5 na yalizidi akiteremka mlima. Akaambiwa kwamba kutua na kisigino ndiko kunakoua magoti, basi kwa wiki 3 akajilazimisha kukimbia kwa kutua na sehemu ya mbele ya unyayo. Goti lilipata nafuu kidogo. Lakini sasa mashavu ya miguu yalikuwa yamekaza kama kamba, na kila asubuhi kano ya kisigino, ile nene inayopanda nyuma ya kifundo, ilikuwa ngumu kiasi kwamba anatoka kitandani akichechemea.

Ana miaka 41 na urefu wa sentimita 174. Anakimbia mara 4 kwa wiki, jumla kama kilomita 40, na nusu marathoni yake ya mwisho aliimaliza kwa saa 2 na dakika 7. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona kabla yangu hakukuta uvimbe wala dalili ya kuchanika kwa chochote ndani ya goti. Alimruhusu aendelee kukimbia kwa kupunguza umbali, akamwelekeza kwangu nimtazame anavyokimbia.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kocha, niambie tu. Nirudi kwenye kisigino au nibaki kwenye vidole?"

Nikamwomba asubiri. Nilishuku kwamba swali hilo halikuwa ndilo lenyewe.

Tulichopima

Vifaa vilikuwa vichache: mashine ya kukimbilia, simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, na kigoda cha kuiegesha simu pembeni, kwenye kimo cha nyonga, ikitazama mashine ubavu kwa pembe mraba. Simu ikikaa mshazari, pembe zote utakazosoma zitakuwa za uongo. Alivaa viatu vyake vya kila siku, na nilimkataza kununua vingine hadi tumalize, kwa sababu ukibadilisha viatu na mwendo kwa wakati mmoja hutajua kipi kimefanya kazi.

Tuliweka mashine kwenye kilomita 10 kwa saa, yaani dakika 6 kwa kilomita, kasi yake ya kawaida. Dakika 6 za mwanzo sikurekodi kitu. Mtu akipanda mashine hukimbia kwa tahadhari, na akijua anarekodiwa hukimbia kwa kujionyesha. Zote mbili hupungua akianza kupumua kwa nguvu. Kisha nikamwambia akimbie kama zamani, kabla ya hayo mambo ya vidole.

Nilihesabu mguu wa kulia ukigusa chini kwa sekunde 30: mara 39. Kwa dakika ni 78, na ukijumlisha mguu wa kushoto unapata hatua 156 kwa dakika. Huo ndio mdundo wake. Hapa naita hatua umbali kutoka mguu mmoja kutua hadi mguu wa pili kutua. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya vifaa na vitabu huhesabu mguu mmoja tu, na mtu aliyeona 78 kwenye kimoja na 156 kwenye kingine hudhani kimoja kimeharibika.

Mdundo ukishapatikana, urefu wa hatua hauhitaji kupimwa kwa futi. Kasi ni mdundo mara urefu wa hatua, hakuna zaidi. Kilomita 10 kwa saa ni mita 166.7 kwa dakika. Gawa kwa 156, unapata mita 1.07. Kwa kasi hiyo, anayetaka hatua fupi lazima aongeze mdundo, na anayeongeza mdundo lazima afupishe hatua, apende asipende.

Nikaifungua video polepole. Tangu kisigino kugusa hadi kidole gumba kuachana na mkanda nilihesabu picha 67, wastani wa hatua 10. Hiyo ni kama sekunde 0.28 mguu ukiwa chini. Hatua nzima ilichukua sekunde 0.385, kwa hiyo aliruka hewani kwa sekunde 0.1 tu na ushei. Kipimo hiki cha muda wa mguguso hakikuniambia jambo la ajabu. Iliyoniambia ni picha moja tu, ile ya mguu unapogusa.

Katika picha hiyo kisigino kilitua mbele ya goti. Muundi, yaani mfupa wa mbele chini ya goti, ulikuwa umelala nyuma, kifundo mbele na goti nyuma yake, kwa nyuzi 14 kutoka wima. Goti lilikuwa karibu limenyooka kabisa, na vidole vimeinuliwa hewani kama mtu anayetaka kusukuma mlango kwa wayo. Kipimo cha simu kinaweza kukosea kwa nyuzi 2 au 3, ndiyo maana nilichukua wastani. Lakini 14 si kosa la kupima.

Kisha nikamwambia, "Sasa nionyeshe ule wa vidole."

Picha ya pili ndiyo iliyofungua kisa chote. Kweli alitua na sehemu ya mbele ya unyayo. Lakini muundi ulikuwa bado umelala kwa nyuzi 11, goti bado limenyooka, na mguu bado uko mbele vilevile. Alichobadilisha ni kuelekeza vidole chini, kama mchezaji ngoma anayegusa sakafu kwa ncha. Mahali mguu ulipotua hapakubadilika sana. Kilichobadilika ni nani anabeba mzigo: badala ya goti, kifundo na shavu la mguu.

Kwa nini mahali pa kutua pana uzito kuliko sehemu ya unyayo

Anayekimbia kwa kasi isiyobadilika anafanya kazi mbili zinazopingana katika kila hatua. Mguu ukiwa mbele ya mwili, ardhi inamsukuma nyuma, ni breki. Mwili ukishaupita mguu, yeye anaisukuma ardhi nyuma naye anaenda mbele. Ukiacha upinzani wa hewa, jumla ya breki na jumla ya msukumo lazima zilingane, la sivyo kasi ingepanda au kushuka. Maana yake ni kwamba kila breki ya ziada inalipwa kwa msukumo wa ziada, na msuli ndio unaolipa mara zote mbili.

Makocha wengi hupenda kusema mguu utue chini ya mwili. Nami nimewahi kusema hivyo, na si kweli. Katika sekunde 0.28 ambazo mguu wake uko chini, mwili wake unasafiri kama sentimita 77 kwa kasi ile. Sehemu ya safari hiyo lazima iwe kabla mwili haujaupita mguu. Mguu ukitua chini kabisa ya mwili, muda wa breki haupo, na mtu anaanguka kifudifudi au analazimika kuongeza kasi kila hatua. Breki haiwezi kuondolewa, inaweza kupunguzwa. Kauli hiyo ya makocha inafaa kama picha ya kichwani, kwa sababu anayelenga chini ya mwili huishia kutua mbele kidogo, na hapo ndipo tunapopataka.

Goti lililonyooka nalo lina madhara yake. Nguvu ya ardhi kwa mkimbiaji hufika mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili katikati ya mguguso. Anayetua huku goti limekunjwa kidogo tayari, tena karibu na mwili wake, huipokea nguvu hiyo ikipita karibu na goti. Mguu ukiwa mbele zaidi, mwili unadondoka kutoka juu zaidi, goti linalazimika kukunjika sana likiwa chini ya mzigo, na msuli wa mbele ya paja unavuta pia ya goti kwa nguvu ili kuzuia lisikunjike mno. Hapo ndipo alipokuwa akiumia. Na mlima wa kuteremka unazidisha yote hayo, kwa sababu ardhi inakimbia chini ya mguu na breki ndiyo kazi kubwa.

Kuhusu kisigino, ni haki kusema kilichojulikana. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature wakionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia pekupeku hutua zaidi na sehemu ya mbele, na kwamba mwiba wa nguvu unaotokea ghafla kisigino kikigonga huwa haupo kwao. Watu wengi walisoma hapo kwamba kisigino ni kosa. Lakini mwiba huo ni sehemu ndogo ya mwanzo tu. Ile nguvu kubwa ya katikati ya mguguso ipo kwa kila mtu, na lazima ibebwe na kiungo fulani. Ukitua na sehemu ya mbele ya unyayo, kifundo na kano ya kisigino ndivyo vinavyoibeba zaidi, na kwa mtu aliyezoea kisigino kwa miaka 15 wiki 3 hazitoshi kano kukomaa. Kano hujijenga polepole kuliko msuli.

Na kuhusu nani anayetua vipi: mbio za nusu marathoni za Sapporo ziliwahi kurekodiwa kwa video kwenye alama ya kilomita 15, wakimbiaji 283, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Takriban robo tatu yao walitua na kisigino. Hata miongoni mwa 50 wa kwanza walikuwa zaidi ya nusu, ingawa waliotua na unyayo mzima walikuwa wengi zaidi huko mbele kuliko nyuma. Upande wa matumizi ya oksijeni, Allison Gruber na wenzake walilinganisha watua kisigino na watua mbele mwaka 2013, na hawakukuta kwamba kutua mbele kunaokoa nishati. Nikamjibu basi swali lake: arudi kwenye kisigino, siku hiyohiyo, ili kano ipumzike. Goti tutalishughulikia kwa njia nyingine.

Alikunja uso. "Kwa hiyo wiki 3 zote nilikuwa najisumbua bure?"

"Bure hapana. Umetuonyesha kwamba goti linapona mzigo ukiondolewa. Tunautafutia njia nyingine ya kuuondoa."

Hatua 8 tu kwa dakika

Huwezi kumwambia mtu, "Tua kwa muundi wima zaidi kwa nyuzi 7." Atakimbia kama mbuni aliyeumwa mgongo. Anayejaribu kuuongoza mguu wakati uko hewani huwa amechelewa, maana mguu unatua kabla wazo halijafika. Mdundo unaweza kuamriwa. Ukiongeza mdundo kwa kasi ileile, mguu unakosa muda wa kunyooka mbele, na pembe ya muundi inajirekebisha bila kuambiwa. Ni kama usukani: unazungusha hapa, kinachogeuka ni kule.

Mwaka 2011 Bryan Heiderscheit na wenzake waliwachukua wakimbiaji 45 wa kawaida, wakawabadilishia mdundo kwa asilimia 5 na 10, juu na chini, kwa kasi ileile. Kwa ongezeko la asilimia 5, nishati inayofyonzwa na goti katika kila hatua ilishuka kwa takriban moja ya tano. Mtu makini atauliza: lakini si sasa anapiga hatua nyingi zaidi? Ndiyo. Hatua zinaongezeka kwa asilimia 5, mzigo wa kila moja unapungua kwa asilimia 20, na 1.05 mara 0.8 ni 0.84. Kwa kilomita moja, goti bado linabaki na faida ya asilimia 16 hivi.

Kwa hiyo lengo lilikuwa 156 mara 1.05, yaani 164. Urefu wa hatua ungetoka mita 1.07 hadi 1.02. Sentimita 5. Alicheka nilipomwonyesha kwa vidole, kwa sababu alidhani atageuzwa mkimbiaji mwingine.

Aliuliza pia kuhusu hatua 180 kwa dakika, kama wanavyouliza wote. Nambari hiyo ilitokana na kocha Mmarekani Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 na kukuta kwamba karibu wote walifika 180 au kupita. Hao walikuwa wakishindana, kwa kasi ambayo sisi tungeiita mbio fupi. Kwa kilomita 10 kwa saa, 180 ingemtaka apige hatua za sentimita 93, badiliko la asilimia 15 kwa mpigo mmoja. Na hata mabingwa hawafanani: kwenye mashindano ya dunia ya kilomita 100 ya mwaka 2016, wakimbiaji walioongoza walipimwa na wastani wao ulitofautiana kutoka 155 hadi 203. Mdundo wa 156 peke yake haukuwa ugonjwa. Ulikuwa shida kwa sababu ulikuja na muundi wa nyuzi 14 na goti linalouma. Angekuja na 156 na muundi wima, bila maumivu, ningemwacha aende zake.

Mpango ulikuwa hivi. Wiki 2 za kwanza, mara 2 kwa wiki, kwenye mashine: dakika 1 akifuata metronomu ya simu, programu inayotoa mlio kwa mdundo usiobadilika, iliyowekwa 164, dakika 2 bila, kwa jumla ya dakika 24. Mbio zake nyingine akimbie atakavyo, ila fupi. Kuanzia wiki ya 3 vipindi vya kufuata mlio vinarefuka, na kuanzia wiki ya 5 tunaanza kuunyamazisha: anausikiliza dakika ya kwanza ya kila kilomita, kisha anaendelea peke yake. Kunyamazisha ni lazima. Mtu anayekimbia na mlio masikioni miezi 3 mfululizo hajifunzi mdundo, anajifunza kutii mlio.

Wiki ya 3, alipotoka barabarani

Kwenye mashine mambo yalienda vizuri. Barabarani yakaharibika. Alinipigia simu akisema mdundo ni 164, saa inathibitisha, lakini anahema kama mtu wa mbio za mita 400 na goti limerudi lilipokuwa.

Nilimwomba anisomee kasi. Dakika 5 na sekunde 43 kwa kilomita.

Hesabu ilisema yenyewe. Mita 1.07 mara 164 ni mita 175 kwa dakika, yaani kilomita 10.5 kwa saa, ambayo ni kama dakika 5 na sekunde 43. Alikuwa ameongeza mdundo na kuacha hatua ndefu ileile, kwa hiyo kilichoongezeka kilikuwa kasi. Mashine ilikuwa ikimzuia kwa sababu mkanda haukubali kukimbizwa; barabara haina mkanda. Nadhani hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika kazi hii, na ndilo linalowafanya watu waseme kwamba wamejaribu mdundo na haukuwasaidia. Wamejaribu kasi.

Dawa yake ilikuwa kuangalia kasi kwanza na mdundo baadaye. Nilimpa maneno mawili ya kujiambia, na aliishia kutumia moja: "inua mguu mapema." Anapofikiria kuutoa mguu chini upesi, badala ya kufikiria kuupeleka mbele, hatua inafupika nyuma na mbele kwa pamoja. Lile jingine, "kanyaga kimya," lilimrudisha kwenye vidole, nikalifuta. Alama ya hatari tuliyokubaliana ilikuwa kano asubuhi: ugumu unaopita dakika 10 baada ya kuamka, basi siku hiyo hakuna metronomu. Ilitokea mara 2, zote wiki ya 3, kisha haikurudi.

Baada ya wiki 8

Mashine ileile, viatu vilevile, kilomita 10 kwa saa, bila mlio wowote. Nilimhesabu kwa dakika nzima bila yeye kujua ni dakika ipi: mguu wa kulia mara 81, yaani 162. Hatua ilikuwa mita 1.03. Mguguso ulishuka hadi picha 62, kama sekunde 0.26. Muundi ulikuwa nyuzi 7.

Na bado alitua na kisigino. Vidole havikuinuka tena kama zamani, unyayo ulikuwa karibu sambamba na mkanda, lakini kisigino kiligusa kwanza, kila hatua. Goti, ambalo zamani lilifika 6 kati ya 10 kwenye kilomita ya 5, sasa lilifika 1 kwenye kilomita ya 12. Anayetaka kushinda ubishi wa kisigino na vidole hatapata silaha hapa.

Swali la ufanisi ni gumu zaidi, na watu hulirukia. Kabla ya kuanza, mapigo ya moyo kwa kasi ile yalikuwa 158. Wiki ya kwanza akifuata 164 yalipanda hadi 162. Wiki ya 8 yalikuwa 156. Ukisoma namba ya kwanza na ya mwisho tu, utasema amekuwa mkimbiaji mwenye ufanisi zaidi. Mimi sisemi. Katika wiki 8 hizo amefanya mazoezi, na mazoezi pekee hushusha mapigo kwa pigo 2 bila mdundo kubadilika. Joto la chumba, usingizi na kahawa navyo hucheza na namba ndogo kama hiyo.

Namba ninayoiamini ni ile ya mapigo 162 ya wiki ya kwanza. Peter Cavanagh na Keith Williams walionyesha mwaka 1982 kwamba mkimbiaji aliyezoea huwa tayari karibu na urefu wa hatua unaomgharimu oksijeni kidogo kuliko yote, na kwamba gharama huinuka ukienda upande wowote, taratibu mwanzoni kisha kwa kasi. Upande wa hatua ndefu unalipa breki. Upande wa hatua fupi unalipa kurusha miguu mara nyingi zaidi, na mguu si mwepesi. Mwili wake ulikuwa umeshachagua mahali pake kwenye bonde hilo. Nilipomtoa, alilipa. Alipozoea, alirudi palepale au karibu. Kwa maneno mengine tulilinunua goti bila kulipa nishati, na hiyo ni bei nzuri sana, lakini si kasi ya bure. Anayekuja kwangu bila maumivu akitaka mdundo mpya ili apunguze dakika kwenye marathoni, huwa namwambia aongeze kilomita zake kwanza.

Alitaka kujua jambo moja zaidi. "Kocha, nikitaka kwenda mbio zaidi, nizidishe mdundo au nirefushe hatua?"

Tukapandisha mashine hadi kilomita 12 kwa saa bila kumpa maelekezo. Mdundo ulipanda hadi 168 tu. Hatua iliruka hadi mita 1.19. Kasi imeongezeka kwa asilimia 20, na mdundo umechangia chini ya 4. Katika kasi hizi za wastani ndivyo mwili unavyofanya kwa kila mtu karibu: unarefusha hatua kwanza, na mdundo unakuja kupanda sana kasi ikikaribia ya juu kabisa. Nikampa video aione. Hatua ilikuwa ndefu kuliko ile ya siku ya kwanza, lakini muundi ulikuwa nyuzi 8. Urefu uliongezeka nyuma yake, kwenye msukumo na kwenye muda wa hewani, si mbele. Alirudia kipande hicho mara 3 bila kusema kitu.

Kuna kitu ambacho hatujakimaliza. Kwenye mbio yake ndefu ya wiki ya 9, saa ilionyesha 162 hadi kilomita ya 13, kisha ikaanza kushuka: 160, 158, na kilomita ya 16 ikawa 157, kasi ikiwa ileile. Miguu ikichoka mdundo unashuka na hatua inarefuka kufidia, na goti lilimkumbusha kwenye mteremko wa mwisho. Metronomu haitatibu hilo. Sasa anafanya mazoezi ya nguvu ya mapaja na makalio mara 2 kwa wiki, na mbio ndefu tumeirudisha kilomita 13 hadi mstari huo wa mdundo uache kuinama.